Meseji za Saa Saba Usiku

  Leo ningependa tusome pamoja meseji nne.

Nimezitunga mwenyewe ili nisimweke mtu hadharani, lakini aliyewahi kupokea za aina hii atazitambua mara moja. Anayeziandika ni mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mkazi wa Likoni, Mombasa. Alikuwa na kibarua bandarini, na kibarua hicho kimesimama tangu kabla ya Ramadhani. Anayezipokea ni mwenzake waliyesoma naye, ambaye siku hizi anaishi Nairobi. Ya kwanza inaingia saa saba kasorobo usiku: “Umelala?” Baada ya dakika mbili inakuja ya pili: “Nilikuwa nakumbuka tu siku za madrasa. Zilikuwa siku nzuri.” Ya tatu: “Nimechoka ndugu yangu. Si uchovu wa kulala.” Kisha kimya kama robo saa hivi, halafu: “Usijali lakini. Nimekuwa mzigo kwa kila mtu, nyinyi mtakuwa sawa bila mimi. Asante kwa yote.”

Zisome mojamoja uone jinsi kila moja inavyopita bila kukushtua. Nani hajawahi kusema amechoka? Nani hakumbuki madrasa? Ndiyo maana wengi wetu tunazisoma, tunajigeuza upande wa pili, na kujiambia tutamtafuta asubuhi. Kipimo cha meseji kama hizi hakiko ndani ya meseji zenyewe. Kipimo ni mtu huyo alivyokuwa akikuandikia zamani. Kwa hiyo panda juu kwenye mazungumzo yenu, rudi mwezi mmoja au miwili nyuma, usome. Utakuta huyu bwana alikuwa akituma sauti za dakika tatu za kuichambua Arsenal, akicheka kabla hata hajafika kwenye kichekesho. Baadaye sauti zikakoma, yakabaki maandishi. Maandishi nayo yakafupika. Akaacha kuuliza watoto hawajambo. Akaacha kuzungumzia lolote la kesho. Ukiyaona hayo yakiwa yamepangana, hiyo “nimechoka” haitakuwa tena ya kawaida.

Katika zile nne, mimi ningesimama kwenye neno mzigo. Yuko mwanasaikolojia wa Marekani, Thomas Joiner, aliyechapisha kitabu mwaka 2005 kuhusu sababu zinazowafikisha watu kwenye kujiua. Anasema hamu ya kufa huota pale hisia mbili zinapokutana ndani ya mtu: kujiona hana pa kuwa, hana watu wake, na kuamini kwamba uhai wake ni hasara kwa wale anaowapenda. Mtu aliyefika hapo hajioni kama mchoyo anayewakimbia watoto wake. Hesabu zake zimepinda, na kwa hesabu hizo anaona anawapunguzia gharama. Basi anapoandika “mtakuwa sawa bila mimi”, usidhani ni unyenyekevu, na usidhani anatafuta sifa. Na “asante kwa yote” ni maneno ya kuaga.

Kuna dalili nyingine inayowapumbaza watu wengi, nayo ni utulivu wa ghafla. Mtu amelalamika wiki tatu, kisha usiku mmoja anakuandikia kwa upole, hana hasira wala malalamiko, na anakwambia pikipiki amempa mdogo wake. Unashusha pumzi, unasema alhamdulillahi, amepata nafuu. Huenda kweli amepata. Lakini huenda pia amefikia uamuzi, na uamuzi huo ndio uliomtuliza. Namna ya kujua ni kumuuliza, na hapo tutafika sasa hivi. Na wale wanaosema “ni pombe tu inayoongea”, niwajibu kwamba pombe inaongeza hatari. Inamwondolea mtu breki aliyokuwa nayo mchana.

Sasa, jibu. Kidole kinapogusa kioo saa saba usiku, yanayokuja upesi ni maneno tuliyozoea kuyasikia. “Usiseme hivyo.” Hilo linamfunga mdomo mtu aliyetumia robo saa kuufungua. “Fikiria watoto wako.” Amewafikiria, na hesabu yake iliyopinda ndiyo hiyo inayomwambia watapata afueni. “Ni haramu, ndugu yangu, unajua.” Anajua, alisoma madrasa hiyohiyo uliyosoma wewe, unachomwongezea ni aibu tu. Dua mimi siipingi hata kidogo, na wapo watu walioshikwa mkono na imani yao wakavuka. Ninachopinga ni ile picha ya waridi yenye aya, iliyotumwa na mtu mwingine ikasambazwa tena, ambayo mpokeaji anaielewa vizuri sana: mwenzangu amemaliza, anataka kulala.

Rafiki wa Nairobi angeandika hivi: “Niko macho. Nimezisoma zote. Nakupigia sasa hivi. Kama huwezi kuzungumza, pokea tu tukae.” Halafu apige kweli, dakika hiyohiyo. Sauti inakupa mambo ambayo maandishi yanaficha: kama analia, kama amelewa, kama yuko nje barabarani au ndani ya nyumba, kama kuna mtu mwingine chumbani.

Asipopokea, tazama tiki. Zikiwa mbili za kijivu, meseji imefika kwenye simu ila pengine hajaifungua. Zikiwa za buluu, amesoma. Ana simu mkononi, na unaweza kuendelea kumwandikia sentensi fupifupi huku ukipiga. Ikibaki tiki moja, simu imezimwa au bando limekwisha, kwa hiyo jaribu simu ya kawaida na umtumie kredo. Wapo pia waliozima alama ya kusoma, kwa hiyo kijivu kisikupe uhakika wa lolote. Mtu aliyeaga, kisha hapatikani kwa njia yoyote, huyo usimsubiri hadi asubuhi. Mpigie aliye karibu naye.

Tuseme amepokea. Msikilize kwanza, umwache amalize, kisha muulize swali lenyewe kwa jina lake: “Unaposema tutakuwa sawa bila wewe, unafikiria kujiua?”

Najua baadhi yenu mmeshtuka hapo. Tumelelewa tukiamini kwamba jambo likitajwa linaitwa. Lakini wataalamu wamelichunguza hili kwa miaka mingi, wakawauliza watu waziwazi na kuwafuatilia, na hawakuona kwamba swali linapanda wazo ambalo halikuwepo. Wengi wa walio kwenye hali hiyo hupumua wakiulizwa, kwa sababu hawana tena haja ya kulizunguka. Ila swali liwe wazi pande zote mbili. Ukiuliza, “Hufikirii kufanya ujinga, sivyo?” umeshamwelekeza jibu unalolitaka. Atakwambia “hapana”, mtaagana, na atabaki peke yake zaidi kuliko mwanzo.

Kulikuwa na sababu nyingine ya watu kukana, nayo ni sheria. Hapa Kenya, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, na adhabu yake ilifika kifungo cha miaka miwili. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Habari hiyo haijafika kila kijiji. Huenda rafiki yako bado anaamini kwamba akisema kweli atalala korokoroni, na ukimweleza kwamba mambo yamebadilika utamwondolea hofu moja.

Turudi Likoni. Bwana wetu anajibu kwa sauti ya chini: “Mara nyingine nafikiria. Leo zaidi.” Rafiki hapigi kelele. Anamshukuru kwa kumwambia, kisha anauliza mawili zaidi. Umepanga kufanya hivyo leo? Kitu ulichofikiria kukitumia, unacho hapo? Maswali haya hayaulizwi kwa udadisi. Mtu anayesema “natamani nisiamke, lakini sina mpango wowote” anahitaji kusikilizwa na kupelekwa kliniki siku za karibuni. Mwenye mpango, aliyetaja leo, na mwenye kitu hicho ndani ya nyumba, huyo ni dharura ya usiku huo, sawa na mtu aliyekamatwa na kifua. Bwana wetu yuko kwenye kundi hili la pili. Amesema anacho.

Hapa rafiki asianze kutafuta suluhisho la kazi ya bandarini wala madeni ya dukani. Ile hali ya mtu kuwa ukingoni hupanda na kushuka. Mara nyingi kilele chake ni cha saa chache, hata kama huzuni yenyewe ni ya miezi. Usiku huo kazi ni mbili tu. Kitu hatari kitoke karibu yake, na binadamu mwingine aingie karibu yake. Ndiyo maana umbali wa Nairobi na Mombasa usimkatishe tamaa yule wa Nairobi. Hawezi kufika, lakini anaweza kumwamsha atakayefika.

“Nani yuko karibu ninayeweza kumwamsha?”

“Usimwambie mtu. Nimekwambia wewe tu.”

“Siwezi kukuahidi hilo, ndugu yangu. Dada yako wa Mtongwe nitampigia. Nikasirikie kesho, nitafurahi ukinikasirikia kesho.”

Hili la siri linawatesa watu, na mimi nina msimamo wangu: usiahidi kabisa. Ukiahidi kisha ukavunja, umemdanganya. Ukiahidi ukatunza, umejifungia naye ndani ya chumba kilekile. Lakini mwambie kabla hujafanya, na mwambie utamwita nani. Mwache achague kama ana chaguo bora: dada, shemeji, jirani, imamu anayemwamini. Asiyeaminiwa naye usimlete hata akiwa ndiye mkubwa wa ukoo.

Simu ya kwanza isikatwe ikiwezekana. Aazime bando, aazime simu ya mwenzake wa nyumbani, vyovyote, lakini dada aitwe huku yule wa Likoni akiwa bado hewani. Na dada asiambiwe tu “nenda ukamwone kaka yako”. Ataenda na khofu, na khofu yetu huwa inatoka kama ukali. Aambiwe hivi: nenda na shemeji kwa tuktuk, kaa naye, usimkemee, usimuulize kwa nini anawatia aibu. Kile kitu kiondoke ndani ya nyumba leo, na kisirudi hata akisema amepoa. Kikae kwenu wiki kadhaa. Msimwache peke yake mpaka asubuhi, zamu kwa zamu. Na usiiite jamaa yote saa nane usiku, kwa sababu baraza la wazee kumi sebuleni litamthibitishia kwamba yeye ni mzigo kweli.

Wakifika wakakuta ameshajidhuru, au akakiri kwamba amemeza kitu, waende hospitali wakati huohuo, hata kama anatembea na kusema yuko sawa. Kuna sumu ambazo hazionyeshi lolote saa za mwanzo. Wasimpe maziwa wala kumtapisha. Wachukue chombo au pakiti waliyoikuta, waende nayo. Kwa mtu wa Likoni ipo hospitali ya kaunti ndogo upande huohuo, kwa hiyo hakuna haja ya kuanza na foleni ya feri.

Tuseme hayo hayakutokea, na pamekucha. Watu wengi huishia hapo, na mimi naona hapo ndipo wanapokosea. Asubuhi mgonjwa ana haya. Anasema samahani kwa usumbufu, alikuwa amechoka tu. Dada naye anataka kuamini. Wanakubaliana kwamba “ataenda kliniki”. Neno hilo lina shimo ndani yake, na daktari mmoja wa Zimbabwe, Dixon Chibanda, alilijua kwa uchungu. Amesimulia hadharani mara nyingi habari ya mgonjwa wake kijana aliyepaswa kurudi hospitalini Harare baada ya kujaribu kujiua. Familia ilikubali na yeye alikubali. Hawakuwa na nauli ya basi, dola 15 hivi, na msichana yule alifariki. Kutokana na hapo Chibanda alianzisha, mtaani Mbare, mpango wa mabenchi ambapo akina nyanya waliofunzwa huketi na watu nje ya zahanati za karibu na kuwasikiliza.

Basi rafiki wa Nairobi, asubuhi hiyo, asiulize “utaenda?” Aulize kliniki ipi, siku gani, nani atafuatana naye, na nauli iko wapi. Kisha atume M-Pesa kwa dada, siyo kwa mgonjwa, na amwambie mgonjwa kwamba ametuma. Siku ya kliniki apige saa moja asubuhi kuuliza kama wameshatoka nyumbani.

Baada ya hapo zinakuja wiki za kawaida, ambazo hazina kishindo wala mtu wa kukesha. Kuhusu wiki hizo kuna jambo lililofanywa San Francisco ambalo ningependa mlisikie vizuri. Daktari wa magonjwa ya akili aliyeitwa Jerome Motto alianza, mwaka 1969, kuwafuatilia watu waliolazwa kwa huzuni kali au kwa kutaka kujiua. Baada ya kuruhusiwa, wapo waliokataa matibabu zaidi au walioyaacha. Hao walikuwa 843. Akawagawa mafungu mawili kwa kura. Fungu moja halikuandikiwa kitu. Fungu la pili liliandikiwa barua na mtu aliyewahi kuzungumza nao hospitalini: kila mwezi kwa miezi 4, kisha kila baada ya miezi miwili kwa miezi 8, kisha kila baada ya miezi mitatu kwa miaka 4. Jumla barua 24 katika miaka 5.

Barua zilikuwa za mistari michache. Ziliwaambia tu kwamba wanakumbukwa, wanatakiwa heri, na wakipenda kuandika wataandikiwa. Hazikuuliza kama wanameza dawa, wala hazikuwasukuma warudi. Katika fungu lililoandikiwa, waliojiua walikuwa wachache zaidi, na tofauti ilionekana hasa katika miaka miwili ya mwanzo. Niwe mkweli: waliojaribu mbinu hiyo baadaye kwingineko hawakupata matokeo yaleyale kila mara. Barua si dawa ya huzuni. Hata hivyo mimi naiona inafaa kwa sababu ya kile ambacho haikudai.

Linganisha na tunavyoandikiana sisi. “Mbona kimya?” “Siku hizi umenitupa.” “Nijibu basi.” Kila moja ya hizo ni deni jipya kwa mtu ambaye tayari anajiona mdaiwa wa dunia nzima. Asipojibu mara tatu anaona haya kujibu ya nne, na hivyo ndivyo watu wanavyopotezana. Rafiki wa Nairobi aandike: “Leo nimepita mtu anauza mabuyu, nikakukumbuka wewe na lile shati lako. Si lazima ujibu.” Wiki ijayo, picha ya mvua. Baadaye, matokeo ya Arsenal na tusi dogo la kirafiki. Aweke kengele kwenye simu, maana mapenzi yetu sote husahau ikifika wiki ya tatu. Na kila baada ya muda, akiona sauti imebadilika tena, arudi kwenye lile swali la wazi bila kuzunguka.

Kuna anayenisikiliza akijiuliza yeye mwenyewe atalala lini. Ni swali la haki. Mtu mmoja hawezi kuwa mlinzi wa usiku wa mwenzake kwa mwaka mzima. Wawe watatu angalau: wewe, dada, na mwingine mmoja, na mgonjwa ajue ni nani wa kupigiwa siku gani. Mwambie ukweli: “Baada ya saa sita simu yangu huzimwa Jumapili hadi Alhamisi, usiku huo mpigie dada.” Mpaka unaotajwa mapema humuumiza kidogo kuliko simu isiyopokelewa. Na kwa wale ambao walifanya haya yote na bado wakampoteza mtu wao, sina neno la kuwapunguzia, ila hili: mlichofanya kilikuwa sahihi, na hakikuwa na uwezo wa kila kitu.

Namba, chukueni kalamu. Msalaba Mwekundu wa Kenya, 1199, bila malipo. Befrienders Kenya, 0722 178 177. Kwa mtoto, Kenya na Tanzania, ni 116. Zipigeni leo mchana mhakikishe zinapatikana kwenye laini zenu, msisubiri usiku. Na si lazima mpigaji awe ndiye mwenye huzuni. Unaweza kusema, “Nina rafiki, ameniandikia hivi, nifanye nini?” Halafu usimfupishie. Fungua simu umsomee meseji zenyewe, moja baada ya nyingine, pamoja na saa zilizoingia.